Syrah na Malbec kwa wapenda nyama choma: ile pilipili manga inatoka wapi, ile plamu inatoka wapi, na chupa ipi iende na mbavu

Kuna swali halikauki kwa watu wa nyama choma. Mtu kaenda supamaketi kakuta chupa imeandikwa Syrah, pembeni yake nyingine Shiraz, rafu ya chini kuna Malbec, zote nyekundu, bei zinapishana, lebo ya nyuma ya moja inasema ina ladha ya pilipili na ya nyingine inasema plamu, sasa anauliza abebe ipi kwa ajili ya mbavu za Jumamosi. Majibu anayopewa ndo yanamchanganya zaidi. Mmoja anamwambia waini nyekundu yoyote inaenda na nyama nyekundu, chukua ya bei nzuri. Mwingine anasema Shiraz imetoka Uajemi. Wa tatu anaapa kwamba wametia pilipili humo ndani. Hii makala ni kwa wale wanaokunywa na wanaopenda nyama ya mkaa, twende polepole tuanze na vitu vya msingi halafu tufike mezani.

Kwanza kabisa, Syrah na Malbec ni majina ya zabibu, sio majina ya kampuni. Ukiona Malbec kwenye chupa maana yake waini hiyo yote au sehemu yake kubwa imetengenezwa kwa zabibu inayoitwa Malbec, na ndo maana chupa mbili za Malbec za watengenezaji wawili zinaweza kuwa na tabia zinazofanana ila zisiwe sawa.

Syrah na Shiraz ni zabibu ileile moja. Ufaransa wanaiita Syrah, Australia wanaiita Shiraz, Afrika Kusini utakuta majina yote mawili. Na ile hadithi ya Uajemi imeshafungwa, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Ufaransa walipima vinasaba vya hiyo zabibu wakakuta wazazi wake ni zabibu mbili, Dureza na Mondeuse Blanche, zote za upande wa kusini mashariki ya Ufaransa. Kwao ni bonde la mto Rhône, sehemu kama Hermitage, Cornas na Côte-Rôtie ambako mizabibu inapandwa kwenye miteremko mikali ya mawe. Australia ilifika miaka ya 1830 ikiwa vipandikizi tu vilivyosafirishwa kwa meli, ikalipenda jua la kule, na jina likabadilika.

Ila kuna kitu cha kukusaidia dukani. Watengenezaji wengi wa Afrika Kusini wakiandika Syrah kwenye lebo wanataka ujue kwamba waini yao inafuata mtindo wa Rhône, nyepesi kidogo na yenye harufu ya pilipili manga, na wakiandika Shiraz mara nyingi ni ile nzito, iliyoiva sana, yenye harufu ya jamu na moshi wa pipa. Hii sio sheria, ni mazoea tu, lakini ni mazoea yanayosaidia ukiwa umesimama mbele ya rafu bila mtu wa kumuuliza.

Malbec nayo ni ya Ufaransa ingawa wengi wanaijua kama ya Argentina. Kwao ni kusini magharibi, mji wa Cahors, na kule bado wanatengeneza Malbec nyeusi yenye ukali. Mwaka 1853 mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliyekuwa anafanya kazi Argentina, alipeleka vipandikizi vya zabibu kadhaa Malbec ikiwemo, na ikashika vizuri kule Mendoza chini ya milima ya Andes. Halafu mwaka 1956 baridi kali ikaua mizabibu mingi sana Ufaransa, wakulima wengi wa eneo la Bordeaux hawakuirudisha Malbec, wakapanda zabibu nyingine. Kwa hiyo leo ukisikia Malbec karibu kila mara chupa iliyoko mbele yako imetoka Mendoza au jirani yake.

Drai sio kali, na plamu sio sukari

Hapa ndo watu wengi wanapoumia. Mtu anasoma kwenye lebo "plamu, zambarau, chokoleti", anategemea kitu kitamu, anafungua, anakunja uso, anasema amepigwa. Hajapigwa. Waini hizi karibu zote ni drai, maana yake chachu imekula sukari yote ya zabibu au karibu yote ikaigeuza kilevi, kilichobaki mara nyingi hakifiki gramu 4 kwa lita, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwenye lita nzima. Ile plamu unaipata puani, ulimi haupati utamu wa tunda. Hakuna aliyekamulia plamu humo ndani, ni harufu zinazotoka kwenye zabibu yenyewe na kwenye uchachushaji, ambazo pua yetu inazitambua kama tunda lililoiva.

Kitu cha pili cha kukijua mapema ni tanini. Ushawahi kula zambarau ambazo hazijaiva vizuri, ulimi unabaki rangi ya zambarau na mdomo mzima unakauka, mashavu yanajivuta kwa ndani, ule ukakasi ndo kazi ya tanini. Kwenye waini nyekundu zinatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye pipa la mwaloni. Zinapoingia mdomoni zinashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, ndo unahisi ukavu. Watu wengi wakisema waini fulani ni kali wanamaanisha huu ukakasi, wengine wanamaanisha kilevi kinachochoma koo, na wengine wanamaanisha uchachu. Ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kinapatana au kinagombana na chakula kwa namna yake, kwa hiyo ukitaka kumwelekeza mtu wa dukani akuchagulie, sema ni kipi kati ya hivyo hukipendi.

Pilipili manga ya Syrah ni ya kweli

Hii sehemu naipenda kuliko zote kwa sababu wengi wanadhani ni maneno ya watu wanaojidai wanajua waini. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitoa jibu. Kwa muda mrefu walikuwa wanatafuta nini kinaifanya Shiraz fulani inuke pilipili manga, na walichokipata ni kemikali moja inayoitwa rotundoni. Halafu wakaipima pilipili manga yenyewe, ile ya kusaga ya jikoni, wakakuta humo rotundoni imejaa, na ndo hiyohiyo inayoipa pilipili manga sehemu kubwa ya harufu yake. Kwa hiyo ukinusa Syrah ukasema hii ina pilipili manga, uko sahihi kabisa, unanusa kitu kilekile. Hakuna aliyeitia, mzabibu wenyewe unaitengeneza kwenye ganda la zabibu.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo cha kushangaza. Kwenye waini nyekundu mtu anaanza kuisikia ikiwa nanogramu 16 tu kwa lita, yaani gramu moja ingetosha kunukisha lita zaidi ya milioni 60. Na hapohapo kuna jambo linaloeleza ugomvi mwingi wa mezani, kwenye utafiti huo karibu mtu mmoja kati ya watano hakuisikia rotundoni hata ilipozidishwa mara nyingi sana. Pua yake haina uwezo huo, basi. Kwa hiyo ukimpa rafiki yako Syrah ukamwambia sikia hiyo pilipili manga, akakwambia mimi nasikia matunda meusi na moshi tu, usimwone mshamba, inawezekana kabisa kwenye glasi hiyohiyo moja nyie wawili mnakunywa waini mbili tofauti. Na mtu wa namna hiyo usimnunulie Syrah ya bei kubwa kwa sababu ya pilipili yake, atakuwa analipia kitu asichokipata.

Rotundoni inapenda ubaridi. Zabibu zilizokua sehemu za baridi, au mwaka ambao jua halikuwa kali, zinabeba nyingi, na zile zilizopigwa jua kali muda wote zinabeba kidogo. Ndo maana Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône inanuka pilipili manga waziwazi, na Shiraz ya bonde la Barossa kule Australia, ambako kuna joto, inakupa zaidi matunda yaliyoiva kupitiliza, jamu na chokoleti. Na kilevi kinafuata njia hiyohiyo, jua jingi ni sukari nyingi kwenye zabibu na sukari nyingi ni kilevi kingi. Kwa hiyo angalia namba ya kilevi kwenye lebo, ni dalili rahisi kuliko zote, Syrah ya asilimia 12.5 hadi 13.5 ina nafasi kubwa ya kuwa na pilipili manga na uchachu mzuri, ikifika 14.5 na kupanda tegemea uzito na tunda.

Lingine, hii pilipili manga ya kwenye waini haichomi hata kidogo. Ni harufu. Mchomo wa pilipili mbuzi unatokana na kitu kingine kabisa, na tutaona mbele kwamba huo mchomo na waini hizi hawaelewani.

Malbec haina kemikali moja ya kuinyooshea kidole namna hiyo. Plamu yake ni mchanganyiko wa harufu nyingi za matunda, na inakuja kwa wingi kwa sababu ya mahali ilipopandwa. Mendoza ni nusu jangwa, mashamba yako juu, Luján de Cuyo ni kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na bonde la Uco linapanda hadi mita 1,500 na zaidi, jua ni kali mchana na usiku baridi inashuka, maji ya kumwagilia yanatoka kwenye theluji ya Andes. Zabibu inaiva vizuri mpaka tanini zake zinalainika, lakini usiku wa baridi unaiachia uchachu wa kutosha isiwe kama sharubati. Ndo unapata rangi nzito ya zambarau, plamu nyeusi zilizoiva kama zile wanazouza barabarani ukipanda Lushoto, na ukakasi mpole. Malbec ya Cahors ni ndugu yake lakini ikiwa changa ina tanini ngumu zaidi, na hiyo tofauti ni muhimu sana kwa nyama yetu, nitaeleza sasa hivi.

Kwa nini nyama inailainisha waini, na kwa nini ushauri wa Ulaya hautufai wote

Maelezo ya kawaida ni kwamba tanini zinazotafuta protini za mate zinakutana na protini na mafuta ya nyama, zinashughulika na hizo, mdomo unabaki na utelezi wake. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini kinachofanya kazi kubwa mezani kwa maoni yangu ni chumvi, na hili unaweza kulijaribu mwenyewe. Kata kipande cha nyama iliyochomwa bila chumvi, kile cha ndani kabisa, tafuna, meza, halafu kunywa funda la waini nyekundu yenye ukakasi. Utakuta waini imekuwa chungu zaidi, kama imekasirika. Sasa chukua kipande kilekile kichovye kwenye chumvi iliyomwagwa pembeni ya ubao, tafuna, kunywa tena. Uchungu umeshuka, tunda limejitokeza. Waini haijabadilika, nyama haijabadilika, ni chumvi tu. Ule utamu wa asili wa nyama bila chumvi unaamsha uchungu wa waini, na chumvi inauzima. Kwa hiyo nyama choma yetu ya kupakwa maji ya chumvi juu ya jiko na chumvi ya pembeni imeshamaliza nusu ya kazi kabla hujafungua chupa.

Waargentina wanajua hili siku nyingi. Asado yao ni nyama, chumvi ya mawe na makaa, mbavu za ng'ombe zimekatwa vipande vya kukatiza mfupa, moto wa taratibu, saa nzima au mbili. Ukiangalia vizuri ni nyama choma. Malbec imezoea chakula hicho na ndo maana ukiihamishia kwenye mbavu za hapa kwetu haipotei.

Sasa lile la ushauri wa Ulaya. Vitabu na lebo nyingi zinaposema waini yenye tanini nyingi inaenda na nyama ya ng'ombe, zinafikiria steki ambayo ndani bado ni nyekundu na ina maji yake. Sisi wengi nyama tunaichoma mpaka iive kabisa, na nyama iliyoiva kabisa imepoteza maji mengi, ni kavu zaidi na inatafunwa muda mrefu. Ukiiletea waini yenye ukakasi mkali unaongeza ukavu juu ya ukavu. Hapo ndo Malbec ya Mendoza inapoishinda Malbec changa ya Cahors na waini nyingi za Cabernet, zabibu nyingine nyekundu yenye tanini nyingi, maana tanini zake laini zinavumilia nyama iliyoiva. Kwa hiyo mimi sichagui kwa rangi ya nyama, naangalia ina mafuta kiasi gani, imeiva kiasi gani, na pembeni ya sahani kuna nini.

Tuchukue mfano wa meza moja

Tuseme Jumamosi mko wanne, kuna kilo moja na nusu ya mbavu za ng'ombe zenye mafuta, kuna mguu wa mbuzi, ugali, kachumbari ya nyanya na vitunguu iliyokamuliwa ndimu, na pilipili mbuzi imekatwa pembeni. Chupa ni mbili, Malbec ya Mendoza ya asilimia 14 na Syrah ya Afrika Kusini au ya Crozes-Hermitage kule bonde la Rhône, ya asilimia 13. Chupa moja ya mililita 750 ni glasi tano za kawaida, kwa hiyo kila mtu anapata mbili na kidogo, inatosha.

Kabla hata ya nyama, joto la chupa. Ile kauli kwamba waini nyekundu inyweke kwa joto la chumba ilitungwa kwa vyumba vya Ulaya vya zamani, visivyo na joto kama letu, wanamaanisha nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar au Mombasa kina nyuzi 30. Kwenye joto hilo kilevi kinaruka puani, tunda linakuwa zito na lile harufu la pilipili manga linafunikwa. Kwa hiyo ukiwa Pwani chupa iingie friji kama saa moja na nusu kabla ya kunywa, ukiwa Nairobi au Arusha dakika 45 zinatosha. Umesahau? Ndoo yenye maji na barafu, izamishe mpaka shingoni, dakika kumi na tano. Barafu bila maji inachelewa kwa sababu haiigusi chupa yote. Kuna watu wanaweka vipande vya barafu kwenye glasi, sitawagombeza lakini maji yanaua ukakasi na harufu pamoja, poza chupa badala yake.

Mbavu zikitoka kwanza, mpe Malbec. Mafuta ya mbavu yanafunika ulimi, uchachu wa waini unayasafisha, plamu inakaa vizuri na ile sehemu ya nje iliyoungua kidogo ambayo ina uchungu wa mkaa, na chumvi inashughulikia tanini. Angalia usiache nyama iungue mpaka iwe nyeusi kwa sababu uchungu wa nyama iliyoungua unajumlishwa na uchungu wa tanini, hapo hakuna waini itakayookoa.

Mguu wa mbuzi ukija, badilisha uende kwenye Syrah. Mbuzi hana mafuta mengi, ana harufu yake ya nguvu, na harufu hiyo inapenda kitu chenye pilipili manga na uchachu. Hapa fanya kitu kimoja kidogo, saga pilipili manga uimwage juu ya nyama ikiwa imeshakatwa kwenye ubao, usiipake kabla ya moto kwa sababu juu ya mkaa inaungua inabaki uchungu. Kula kipande, kunywa Syrah, na kama pua yako ni ya wale wanne kati ya watano utaona nyama na waini zinaongea kitu kimoja.

Kachumbari ndo mtihani. Ndimu ni kali, na ukila kitu chenye asidi halafu ukanywa waini isiyo na asidi ya kutosha, waini inapooza, inakuwa kama juisi iliyokaa. Syrah ya sehemu za baridi inahimili, Malbec ya kawaida inahimili kidogo, Shiraz nzito ya asilimia 15 inaanguka. Kama una hiyo Shiraz nzito tu, punguza ndimu, ongeza chumvi kidogo kwenye kachumbari, utaona imeinuka.

Halafu pilipili mbuzi. Kilevi kinauzidisha mchomo, ukakasi unauzidisha pia, kwa hiyo mtu aliyekula pilipili halafu akanywa Shiraz ya asilimia 15 ya joto la chumba anaungua mara mbili na haonji chochote. Anayetaka pilipili yake, ni haki yake, ila apewe ile chupa yenye kilevi kidogo, tena ikiwa ya baridi zaidi, hata nyuzi 14, au anywe maji katikati. Mimi binafsi pilipili naiacha mpaka glasi iishe.

Sosi tamu, hizi za chupa za kubarbekyu, tomato sosi, nyama iliyopakwa asali, zinageuza kila kitu. Utamu wa chakula unaifanya waini drai ionekane chachu na chungu. Watu wanalaumu waini kumbe ni sosi. Ukiwa na nyama ya namna hiyo chukua Shiraz iliyoiva sana yenye tunda jingi, na usilete Syrah nyembamba ya Rhône hapo, utaionea.

Za kuoka kwenye oveni

Nyama ya oveni inatofautiana na ya mkaa kwa sababu haina moshi na ina mchuzi wake chini ya trei. Mguu wa kondoo au mbuzi uliochomekwa vitunguu saumu na rozmeri ni wa Syrah moja kwa moja, na kuna sababu, wale watafiti wa rotundoni waliikuta pia kwenye rozmeri na kwenye majani mengine ya kupikia kama oregano na basili. Kwa hiyo ukipaka rozmeri unajenga daraja kati ya nyama na glasi bila kutumia pilipili manga hata punje.

Nyama ya ng'ombe ya kuoka kipande kizima, ukiitoa ikiwa bado na maji ndani, ndo mahali pekee ninapokubali Malbec ya Cahors iliyokaa miaka kadhaa, tanini zake zina kitu cha kushika. Ukiioka mpaka ndani kabisa rudi Mendoza, na mwagia ule mchuzi wa trei ukiwa na chumvi ya kutosha. Kitimoto kwa wanaokula, yenye mafuta yake na ngozi iliyokauka ikalia, inapenda Malbec changa iliyopozwa vizuri kuliko Syrah, kwa sababu nyama yenyewe ni tamutamu na plamu inaifuata. Kuku wa kuoka ni mwepesi kwa hizi waini, akiwa amepakwa pilipili manga nyingi Syrah ya asilimia 12.5 inaweza, zaidi ya hapo utasikia waini tu.

Chupa ikiwa na shida utajuaje

Kwetu adui mkubwa ni joto la njiani na la dukani. Chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua, au juu ya rafu karibu na taa, inapikika. Dalili zake, koki imesukumwa juu kidogo imevimba chini ya karatasi, shingoni kuna unatonata wa waini iliyovuja, na ukifungua harufu ni ya matunda yaliyochemshwa au sukari iliyoungua, ile plamu mbichi haipo. Rangi inaelekea kahawia wakati waini bado changa. Hiyo rudisha. Ukinunua, chagua chupa ya ndani ya rafu, sio ya mbele dirishani.

Syrah ina kitu kingine ambacho sio ubovu. Wakati mwingine ukifungua inanuka yai viza au kiberiti kilichozimwa, hasa zile za kifuniko cha kuzungusha. Usimwage. Ni hewa tu imekosa, imimine kwenye jagi, izungushe, iache nusu saa, mara nyingi harufu inaondoka na pilipili manga inatokea. Ikiwa baada ya saa nzima bado inanuka vilevile, basi hiyo ina tatizo kweli.

Inayobaki ifunge uirudishe friji, hata kama ni nyekundu, ubaridi unachelewesha kuharibika. Malbec inakaa siku mbili au tatu ikiwa bado nzuri, Syrah yenye pilipili inapoteza tunda kwanza, pilipili inabaki, kwa hiyo kesho yake ipashe joto kidogo kwa kuitoa nusu saa kabla uinywe na mbuzi aliyebaki, na ikishachacha kabisa tumia kikombe kimoja kwenye mchuzi wa nyama ya kuchemsha, chemsha mpaka ipungue nusu ndo uongeze maji.